Mama mkubwa akituma 😅 anamaanisha nini? Mwongozo kamili wa kusoma emoji za wazee wetu

Jumatano moja, saa mbili usiku, nikiwa Sakina hapa Arusha nasonga ugali, iliingia meseji ya WhatsApp kutoka kwa mama mkubwa anayeishi Kibosho, kule juu ya Moshi:

"Mwanangu hujambo. Nimetoka hospitali leo presha 170 kwa 100 wamenibadilishia dawa 😅😅 usiwaambie wenzako"

Niliisoma huku mwiko uko mkono wa pili. Nilichokiona ni mama mtu mzima anayejicheka mwenyewe, kama anayesema "uzee huu, basi tu". Nikamjibu: "Mama mkubwa bwana, punguza chumvi 😂". Tiki zikawa za bluu. Kisha kimya, Alhamisi, Ijumaa, mpaka Jumamosi nilipopiga simu na kupokelewa kwa "marahaba" fupi, ile inayokatwa kama kwa kisu.

Ilinichukua siku hizo tatu kujua kwamba kwake 😅 si kicheko. Ni kilio. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kusoma meseji za wazee, na nauandika hapa hatua kwa hatua. Nitashika zaidi nyuso zenye maji, kwa sababu hizo ndizo zinazogombanisha watu.

Hatua ya kwanza: funika emoji, soma maneno

Weka kidole gumba juu ya emoji, kwelikweli, uifiche. Kisha soma kilichobaki kama vile ni barua imekuja kwa mkono.

"Nimetoka hospitali leo presha 170 kwa 100 wamenibadilishia dawa. Usiwaambie wenzako."

Hapo hakuna mzaha wowote. Kuna hospitali, kuna namba kubwa, kuna dawa mpya, na kuna siri. Mtu anayetania presha yake hasemi "usiwaambie wenzako". Maneno yale peke yake yalitosha kunipigisha simu usiku uleule. Emoji ndiyo iliyonipoteza, kwa sababu mimi na watu wa rika langu tumezoea kusoma kinyume: tunaangalia uso kwanza ili tujue maneno tuyapokee vipi. Kwa wazee wengi maneno ndiyo meseji yenyewe, na uso ni kitu kilichoongezwa mwishoni, kama mtu anavyokushika mkono mnapoagana.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: maneno na emoji vikipingana, na aliyeandika amezidi miaka hamsini na mitano, maneno yanashinda. Sijawahi kujuta kuifuata.

Hatua ya pili: tazama tone liko wapi, halafu tazama yeye analionaje

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo twende polepole.

Kuna nyuso kadhaa za manjano zenye tone la bluu, na maana ya kila moja inategemea sana tone limekaa wapi. Likiwa chini ya jicho ni chozi: 😢. Likimwagika kama mfereji kutoka macho yote mawili ni kilio kikubwa: 😭. Likiwa pembeni ya paji la uso ni jasho: 😅 na 😓. Na likining'inia puani, kama kwenye 😪, si chozi wala si kamasi la mafua. Huyo amelala. Katika katuni za Kijapani mtu aliyesinzia huchorwa na puto la maji puani, na emoji zilianzia kwenye simu za Japani miaka ya 1990, kwa hiyo alama za katuni zao zilikuja nazo. Msomaji wa Tokyo anajua tangu utotoni kwamba tone kubwa la jasho kichwani ni aibu au wasiwasi. Mama mkubwa wangu alikulia kwenye migomba na kahawa, hakuna aliyemfundisha hilo, na hata wewe ukijiuliza vizuri utakuta hakuna aliyekufundisha. Ulibahatisha tu kwa kuona wenzako wanavyotumia.

😅 iliingia kwenye orodha ya kimataifa ya Unicode mwaka 2010, na jina ililopewa wakati huo ukilitoa kwa Kiswahili ni kama "uso unaotabasamu, mdomo wazi, kijasho chembamba". Kijasho chembamba! Yaani ni mtu aliyeponea chupuchupu: alikaribia kuachwa na basi, konda akamsubiri, sasa anacheka huku moyo bado unadunda.

Sasa uchukue uso huohuo, uupunguze uwe mdogo kama punje ya mtama, uuweke kwenye kioo chenye ufa, na msomaji awe ameacha miwani juu ya kabati. Anaona nini? Anaona macho yaliyofumbwa kwa nguvu. Anaona meno. Anaona tone la maji. Nilipomuuliza mama mkubwa baadaye, tena kwa adabu, alinijibu bila kusita: "Si unaona huyu analia? Macho kayafumba, meno kayauma, anajikaza asipige kelele."

Niliutazama ule uso upya na tangu siku ile siwezi kuacha kumuona mtu anayejikaza. Jaribu na wewe. Usomaji wake hauna kasoro hata kidogo, kila kiungo cha sura kina kazi yake. Tofauti ni kwamba yeye aliusoma uso kama uso wa binadamu, wakati sisi tumeusoma kama herufi.

Ukitaka kuhakikisha mzee anaona nini, mtumie emoji hiyo peke yake bila neno lolote. WhatsApp huikuza emoji inapokuwa peke yake kwenye meseji, na pale tone huonekana liko kwenye paji, si shavuni. Ikiwa bado anasema ni chozi, basi hiyo ndiyo maana yake kwake, na uandike hivyo.

Hatua ya tatu: ujue simu yake

Hii nitaipitia haraka. Ukienda nyumbani, iombe simu ya mzee na ufungue sehemu ya emoji. Zinazotangulia ni zile zilizotumika karibuni, na wazee wengi hawateremki chini ya hapo. Simu ya mama mkubwa ilikuwa na 🙏 🌹 😅 👍 na bendera ya nchi moja ya Ulaya aliyoigusa kwa bahati mbaya mwaka juzi. Basi. Hakuikataa 😢, ila hajawahi kukutana nayo. Ukijua kwamba mtu ana uso mmoja tu kwenye kapu lake, huwezi kumlaumu kwa kuuvaa harusini na msibani.

Angalia pia kama anatumia WhatsApp au meseji za kawaida. Kwenye meseji za kawaida emoji huchorwa na simu inayopokea, kwa hiyo uso aliouchagua yeye unaweza kukufikia wewe ukiwa na sura tofauti kidogo. Na kama mwenzake ana kitochi cha zamani, kinachofika huko mara nyingi ni kijiboksi kitupu. Babu mmoja wa ukoo wetu aliamini kwa miezi kwamba wajukuu wanamtumia picha za madirisha.

Hatua ya nne: mtengenezee kamusi yake

Hakuna kamusi ya emoji za wazee wote. Kuna kamusi ya mama mkubwa, kuna ya baba mdogo, na hazifanani. Njia ya kuipata ni kurudi nyuma kwenye mazungumzo yenu na kutafuta mahali ambapo tayari unajua kilichotokea. Meseji ambazo hujui habari yake halisi hazikusaidii, ziruke. Nne au tano zinazoeleweka zinatosha.

Zangu zilikuwa hizi. Mwezi Mei aliandika "Kicheche kaingia bandani kala kuku wanne 😅". Julai: "Nimepokea hela mwanangu Mungu akuzidishie 🙏🙏". Agosti, picha ya mjukuu siku ya komunio ya kwanza, na chini yake "🌹🌹🌹". Mwishoni mwa Agosti: "Yule mzee jirani yetu wa kule bondeni ametutoka alfajiri 😅😅😅 mazishi Alhamisi".

Ile ya msiba niliiona siku ileile na nikadhani kidole kimeteleza. Vidole havitelezi mara tatu. Ukizipanga pamoja unaona kwamba 😅 haijatokea hata mara moja kwenye habari njema. Hela haina, komunio haina. Halafu kuna idadi: kuku wanne, uso mmoja. Kifo cha jirani, nyuso tatu. Sasa rudi kwenye presha: nyuso mbili. Yaani ni zaidi ya kuku na pungufu ya kifo, na ndivyo mtu mwenye 170 kwa 100 anavyojisikia akishuka kituoni na bahasha ya dawa mpya. Meseji ilikuwa imenipa kipimo kamili, mimi nikajibu kuhusu chumvi.

Usiridhike na mfano mmoja. Baba mdogo wangu wa Rau naye hutumia 😅, na nilipopitia meseji zake nikakuta anaitumia sawasawa na sisi: "Nimesahau funguo ndani 😅", "Nilimpa mtu mkono nikidhani ni wewe 😅". Ningemjibu "pole sana baba mdogo, Mungu akutie nguvu" angenishangaa. Na yupo shangazi ambaye hutia emoji kama mtu anavyotia chumvi, chache hapa chache pale, ua, mpira, jua, treni. Kwake kamusi haipo na hutaipata, usijichoshe. Kwa watu wa namna hiyo baki na hatua ya kwanza peke yake.

Kuna mambo mengine yanayovuruga kamusi. Meseji iliyosambazwa kutoka kwingine ina emoji za mwenyewe aliyeitunga, usizihesabu. Meseji iliyoandikwa na mjukuu kwa niaba ya bibi utaijua kwa vifupisho, ukiona "xaxa" na "cjui" ujue bibi hakushika simu.

Hatua ya tano: jibu maneno, na uso uuweke pembeni ya neno

Ukishaelewa, jibu kile kilichosemwa. Kwa meseji ile ya presha, jibu ambalo ningetakiwa kutoa lilikuwa: "Shikamoo mama mkubwa. Pole sana 😢 Nakupigia sasa hivi." Ona 😢 ilipo. Imekaa ubavuni mwa "pole", si mwisho wa meseji. Mzee akiona neno na uso vinaenda pamoja mara tano sita, anaanza kuuhusisha uso ule na pole bila mtu kumfundisha. Anaweza pia kuugusa kwa sababu sasa upo machoni pake. Anaweza asiuguse, na haidhuru.

Usimjibu kwa 😅 ukidhani unaongea lugha yake. Anaweza kusoma kwamba na wewe umepatwa na jambo. Na usimrekebishe kwenye grupu la ukoo. Grupu letu lina watu sitini na zaidi, wakwe wamo, na kijana mmoja aliwahi kuandika chini ya tangazo la msiba, "Mama mkubwa hiyo emoji ni ya kucheka hahaha". Hakuna aliyecheka. Mama mkubwa hakuandika kitu humo kwa wiki mbili, michango yake akawa anaituma kupitia kwangu.

Kama umeona wakwe wanaanza kushangaa, wahi wewe kuandika "Poleni sana wanaukoo 🙏 Tumepokea kwa masikitiko." Meseji yako inawapa wageni njia ya kusoma ile ya juu yake, na mzee hata hajui kwamba umemfunika nguo.

Au gusa meseji yake na uishikilie kidogo mpaka vitokee vile vialama vya haraka, uguse 😢. WhatsApp ilileta kitu hiki mwaka 2022, na uso wa chozi ulikuwa miongoni mwa sita za mwanzo. Unakaa chini ya meseji yake kimyakimya.

Hatua ya sita: kumbuka na wewe unasomwa

Vijana hawaipendi sehemu hii. Sisi ndio tunaoandika "nimekufa 😭😭😭" tukiwa tunacheka. Kwa Unicode uso ule unalia kwa sauti, na mzee anausoma hivyohivyo ulivyochorwa. Binamu yangu wa Kijenge aliweka kwenye grupu "jamani bosi wangu kaanguka ngazi mbele ya wageni 😭😭 nimekufa". Saa hiyohiyo babu akapiga simu kutoka Kibosho akitaka kujua hospitali gani, na kama mazishi ni Arusha au nyumbani. Ukipima nani kapotosha emoji hapo, si babu.

Na mama mdogo mwingine, anayeuza mboga soko la Mbuyuni, Moshi mjini, aliweka status ya 🍆 na bei. Vijana walikaa wakichekeana siku nzima. Yeye aliuza mabilinganya yake.

Ukimwandikia mzee, basi, tumia uso kama ulivyochorwa. Kicheko kiwe meno na macho ya furaha, chozi liwe chozi. Na 👍 yake isikuume: kwa wengi wao ni "sawa mwanangu, nimekusikia", wala hajakununia.

Hatua ya saba: lini uache kusoma, upige simu

Mimi napiga bila kusubiri ikiwa meseji ina mambo haya: namba ya kipimo chochote, neno "hospitali" au "dawa", ombi la kuficha jambo, au 😅 kutoka kwa mtu ambaye kamusi yake inasema ni kilio. Napiga pia ikiwa mtu aliyezoea kuweka emoji ameandika bila hata moja. Baba mdogo alipoandika "Nimefika." na nukta, bila kicheko chake cha kawaida, alikuwa ameibiwa begi stendi.

Simu ile ya Jumamosi ilienda hivi. "Shikamoo mama mkubwa." "Marahaba." Kimya. "Mama mkubwa, nimekuja kuomba radhi. Meseji yako niliisoma vibaya, nilidhani unatania." Kimya tena, halafu: "Mimi natania presha, mwanangu?" Nikasema hapana mama. Nikamuuliza dawa mpya anazimezaje, kizunguzungu kimepungua, kliniki anarudi lini. Tulipofika kwenye kuku alikuwa ameshaanza kucheka, na hapo ndipo nilipomuuliza juu ya yule mwenye meno. Ningeanza na swali la emoji angejua nampa mtihani.

Hatua ya nane: kufundisha, akitaka mwenyewe

Mama mkubwa aliniomba mwezi Desemba, tulipopanda nyumbani kama kawaida ya Wachagga. Tulikaa kwenye benchi nje ya jiko, miwani puani. Kwanza niliongeza ukubwa wa maandishi: Settings, kisha Chats, kisha Font size, nikaweka Large. Hilo tu lilifanya nusu ya kazi, maana alisema, "Kumbe hili tone liko kichwani!"

Pili nilimwekea nyuso tatu tu, nikimtajia mahali pa maji na si majina. Maji shavuni, umesikitika: 😢. Maji kichwani, umeponea chupuchupu: 😅. Maji puani, una usingizi: 😪. Nikamwambia atume 😢 kwangu mara kadhaa, ili ikae pale mbele kwenye zilizotumika karibuni. Nyuso tatu zinatosha kwa kikao kimoja. Niliwahi kumfundisha shangazi kumi na mbili kwa mara moja, akarudi kwenye treni.

Alijaribu na misiba miwili, Januari, akaweka 😢 vizuri kabisa. Kisha akanipigia kusema huyu mpya hampendi, analia ovyo kama mtoto, yule wa meno ana heshima zaidi. Amerudi kwa 😅 na ukoo mzima sasa unajua. Mke wa binamu yangu aliyeingia juzi kwenye grupu alinifuata pembeni kuuliza mbona mtu kacheka na sisi tunajibu "pole", nikamtumia kamusi.

Wiki iliyopita wanawe wamemnunulia simu mpya, na emoji za karibuni zimeanza upya. Meseji ya kwanza iliyotoka humo: "Nimefika salama kwa mdogo wako 😪". Maji yako puani. Inawezekana amechoka na gari, inawezekana kuna jambo. Nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari, nimeandika tarehe, na sasa namtafuta hewani.